Ukungu wa asubuhi ndani ya jicho: wakati gani kioo kipya kinahitajika?

Muji wa Butembo uko juu, zaidi ya mita 1,700, na asubuhi nyingi ukungu unakaa juu ya vilima mpaka jua lipande. Kwa hiyo mtu akilalamika kwamba asubuhi anaona kama kupitia moshi, na saa sita ya mchana anaona vizuri, jirani anamwambia: "Ni baridi tu, itapita." Ni kweli inapita. Kesho yake inarudi, na kisha miezi michache inachelewa zaidi kupita.

Kuna wazee wengi, zaidi wale waliokwisha kupasuliwa katarakti, wanaoishi na hali hiyo bila kujua jina lake. Wengine wanafikiri katarakti imeota tena. Wengine wananunua dawa ya kutonyesha kwenye farmasi ya pembeni, wakibadilisha chupa kila mwezi. Lakini jicho linaloona vibaya asubuhi na kusafika mchana linatoa habari iliyo wazi sana, na munganga wa macho anayesikia habari hiyo anajua mara moja pa kuangalia: ni konea, kile kioo safi kilicho mbele kabisa ya jicho, ambacho kimevimba kwa maji.

Konea ni nyembamba. Katikati yake unene ni karibu nusu milimita, yaani 0.54 hivi kwa watu wengi. Haina mishipa ya damu, na inapitisha mwanga kwa sababu nyuzi zake zimepangwa sawasawa na hazikulowana kupita kiasi. Nyuma yake, upande wa ndani, kuna maji ya jicho, na maji hayo yanataka kuingia kila dakika. Kinachoyazuia ni safu moja tu ya chembe ndogo zilizopangwa kama vigae vya sakafu. Kila chembe ni pompi: inasukuma maji yarudi nyuma, usiku na mchana.

Wavuvi wa Kyavinyonge kwenye ziwa Edward wanaelewa jambo hili bila kitabu. Mtumbwi unaovuja kidogo hauzami kama watu wa kuchota maji wanatosha. Wakiwa kumi, mtumbwi unabaki mkavu. Wakibaki sita, bado unatembea. Wakibaki wawili, maji yanaanza kupanda hata kama tundu halikuongezeka. Katika jicho la mtu mzima kuna chembe 2,500 hivi kwa kila milimita ya mraba. Zinapungua polepole na umri, na zile zinazokufa hazizaliwi tena. Majirani wanajinyoosha tu ili kujaza nafasi. Zikishuka karibu na 500, pompi inashindwa, na konea inaanza kunywa maji.

Kwa nini basi ni asubuhi? Kwa sababu ya kope. Mchana jicho liko wazi, machozi yanakauka kidogo kidogo kwa hewa, na yale yanayobaki yanakuwa na chumvi zaidi. Chumvi hiyo inavuta maji kutoka ndani ya konea kuja nje. Ni msaada mdogo, lakini kwa pompi iliyochoka unahesabika. Usiku kope zimefungwa, machozi hayakauki, na hewa inayofika kwenye konea inapungua. Hata jicho zima linavimba kidogo usingizini, ila linajisafisha mara tu mtu anapoamka. Jicho lenye pompi dhaifu linahitaji saa moja, kisha tatu, kisha siku nzima. Siku ya mvua, hewa ikiwa na unyevu, linachelewa zaidi. Huko Butembo siku hizo si chache, na ndiyo maana watu wanalaumu baridi. Hawakukosea kabisa.

Aliyeandika habari hii mapema ni Ernst Fuchs, munganga wa macho wa Vienna, mwaka 1910. Aliwaeleza wagonjwa 13, wengi wazee, waliokuwa na ukungu kwenye konea za macho yote mawili, na aliona kwamba hali yao ilikuwa mbaya asubuhi na kupata nafuu jioni. Ugonjwa wenye jina lake unapita katika ukoo na umeandikwa sana Ulaya na Amerika. Kwetu sababu ya kufikiria kwanza ni nyingine: konea iliyochoka kisha operesheni ya katarakti.

Hapa lazima maneno yapimwe, juu ya watu wasije wakakimbia operesheni. Katarakti inapofusha, na kuiondoa kunarudisha macho kwa watu wengi sana. Lakini kila operesheni ndani ya jicho inaua sehemu ya zile chembe. Jicho lililoanza na chembe nyingi halitambui hasara hiyo. Jicho lililokuwa nazo chache, au lililokuwa na katarakti ngumu iliyokaa miaka mingi na kuhitaji kazi ndefu, linaweza kuvuka ule mpaka. Saa zingine hilo linaonekana siku ya pili. Saa zingine ni kisha miaka. Haimaanishi kwamba mpasuaji alifanya vibaya.

Chukua mfano wa mama wa miaka 61 anayeuza maharagwe sokoni. Jicho lake la kuume lilipasuliwa miaka mitatu iliyopita, katarakti nyeusi kabisa, na akaona vizuri. Kisha, asubuhi anaanza kuona ukungu mpaka saa moja na nusu. Haimsumbui, anafika sokoni saa mbili. Mwaka unaofuata ukungu unaondoka saa nne, na sasa anachanganya noti ya franga elfu moja na ya mia tano. Taa za pikipiki anaziona na duara za rangi kama upinde wa mvua. Kisha miezi sita mingine unaondoka saa nane, na asubuhi moja anaamka na maumivu makali, kama mtu amemwagia mchanga jichoni, machozi yanatiririka, hawezi kuangalia mwanga.

Kila hatua ya mama huyu ina maana yake. Saa ambayo ukungu unaondoka ndiyo kipimo cha ugonjwa, na hakihitaji mashine. Maumivu ya ile asubuhi ni hatua mpya: maji yamefika kwenye ngozi ya juu kabisa ya konea na kutengeneza malengelenge madogo, kama ya kuungua. Lengelenge likipasuka, mishipa ya fahamu inabaki uchi. Konea ni kati ya sehemu za mwili zinazosikia maumivu zaidi, na mtu ambaye hajapata hayo asimwambie mgonjwa kwamba anajidekeza.

Mama huyo angeweza kupima mwenyewe nyumbani. Anaamka, ananawa uso, anaziba jicho moja kwa kiganja na kuangalia kalenda iliyo ukutani kutoka mlangoni. Je, anasoma tarakimu? Kisha anaziba lingine. Anarudia saa mbili, saa nne, saa sita, na mtoto wa nyumbani anaandika. Siku saba zinatosha. Karatasi hiyo inamsaidia munganga zaidi kuliko maneno "sioni vizuri," kwa sababu inatenganisha ugonjwa huu na mingine. Katarakti haisafiki saa sita. Inabaki pale pale siku nzima. Macho makavu yanachoka zaidi jioni. Tongotongo zinaondoka kwa maji. Sukari ya damu inabadilisha macho yote mawili, bila kufuata saa ya kuamka. Na kama jicho linauma sana, limekuwa jekundu, mtu anaona duara za rangi na anatapika, hiyo inaweza kuwa presha ya jicho iliyopanda ghafula. Hapo hakuna kuandika kwa siku saba. Ni kwenda hospitali siku ile ile.

Kwa munganga, kitu cha kwanza ni ile taa yenye mwanga mwembamba ambayo mgonjwa anawekea kidevu. Inaonyesha unene wa konea, mikunjo ya ndani na malengelenge. Fasi yenye mashine ya kupima unene wanaweza kupima mara mbili, asubuhi mapema na alasiri. Yule mama akipata 0.69 asubuhi na 0.64 alasiri, tofauti hiyo ndiyo ushahidi. Kipimo cha alasiri peke yake kinaweza kudanganya, na mgonjwa anayefika hospitali saa nane kisha kusafiri kutoka Lubero au Kyondo amekwisha kusafika njiani. Ni vizuri aombe kulala karibu na kuonwa alfajiri. Presha ya jicho nayo inapimwa, juu ya presha ikiwa ya kupanda, maji yanasukumwa ndani ya konea kwa nguvu zaidi, na kuishusha kwa dawa peke yake kunaweza kupunguza ukungu. Dawa yenyewe ichaguliwe na munganga: kuna aina za matone ya presha zinazogusa ile pompi, na kwenye konea dhaifu zinaweza kuharibu zaidi.

Kuna habari moja ya pekee kwa Beni, Butembo na Katwa. Waliopona Ebola ya 2018 mpaka 2020 walifuatwa macho yao kwa sababu ugonjwa ule unaweza kuacha uvimbe ndani ya jicho hata mtu akiwa amepona. Uvimbe wa aina hiyo unaweza kuleta katarakti mapema, kupandisha presha na kuchosha chembe za konea. Mtu aliyepona Ebola ambaye anaona ukungu asiseme tu "ni macho". Aseme historia yake yote. Virusi vilikwisha kuonekana ndani ya jicho la mtu aliyepona kisha damu yake kuwa safi, kwa hiyo kabla ya kupasua jicho la namna hiyo wanganga wanachukua tahadhari na vipimo. Kuficha habari hiyo kwa kuogopa kutengwa kunaharibu hesabu ya munganga.

Ukungu ukiwa wa saa moja au mbili tu, hakuna anayepasua. Kazi ni kuvuta maji. Kuna matone ya chumvi ya asilimia 5, yaliyotengenezwa kwa ajili ya macho, yanayotiwa mara kadhaa asubuhi, na mafuta yake yanayowekwa kabla ya kulala. Yanauma kidogo. Mtu asitengeneze ya kwake na chumvi ya jikoni: kipimo kinakosewa, na maji yasiyo safi kwenye konea yenye malengelenge yanaleta kidonda chenye usaha ambacho kinaweza kumaliza jicho kwa siku chache. Njia nyingine ni ya kuchekesha lakini ni ya kweli: mashine ya kukausha nywele, ile ya saluni, kwa hewa ya uvuguvugu tu, ikishikwa mbali urefu wa mkono, ipulize kupita mbele ya jicho kwa dakika chache. Inafanya kile ambacho hewa ya mchana inafanya, ila kwa haraka. Asiye na kuran ya umeme asubuhi anaamka mapema zaidi, basi.

Dawa za kotikoidi zinazouzwa bila karatasi zinastahili neno gumu. Zinaondoa wekundu kwa siku mbili na mtu anafurahi. Hazirudishi chembe zilizokufa, na zikitumika miezi bila kupimwa zinaweza kupandisha presha na kuua mshipa wa jicho kimya kimya. Jicho ambalo lingeweza kuona tena kwa kioo kipya linakuwa halifai tena.

Basi wakati gani kioo kipya kinahitajika? Jina la ugonjwa halitoshi, na idadi ya chembe haitoshi. Wapo watu wenye chembe chache wanaoishi miaka kumi na ukungu wa nusu saa. Kinachoamua ni mambo matatu yanayoonekana kwenye maisha: ukungu unakula saa za kazi ijapokuwa chumvi inatumika sawasawa, malengelenge yanarudi na kuuma, au konea inaanza kuota kovu, yaani sehemu nyeupe isiyosafika hata jioni. Yule mama wa maharagwe amefika kwenye mawili ya kwanza. Akingoja la tatu, operesheni inakuwa kubwa zaidi.

Sababu ni kwamba siku hizi kuna njia mbili. Ya zamani ni kukata duara lote la katikati ya konea, unene wote, na kushona la mtu aliyekufa kwa uzi mwembamba kuliko unywele. Inafanya kazi hata kwenye kovu, lakini nyuzi zinakaa mwaka mzima hivi, macho yanapinda, lineti zinabadilishwa, na jicho likipigwa hata kisha miaka jeraha linaweza kufunguka. Njia mpya zaidi inabadilisha ile safu ya ndani peke yake, ikisukumwa mahali pake na tone la hewa, na mgonjwa analala chali akiangalia dari ili hewa iishike. Kuona kunarudi kwa wiki au miezi badala ya mwaka. Ila inataka konea iliyovimba tu, ambayo haijakuwa na kovu. Ndiyo maana kuchelewa kuna gharama hapa.

Operesheni ya katarakti inapochelewa kabisa kupona, hesabu ni nyingine. Ukungu wa wiki za kwanza unaweza kuwa ni uvimbe wa kawaida, na konea nyingi zinasafika zenyewe ndani ya miezi miwili au mitatu. Kabla ya hapo hakuna haja ya kuzungumza juu ya kioo kipya.

Konea ya kuwekwa inatoka kwa mtu aliyekufa, na hapo ndipo njia inakuwa nyembamba. Uchunguzi wa dunia nzima uliochapishwa mwaka 2016 ulihesabu konea moja tu kwa kila watu 70 wanaoihitaji. Katika eneo letu, Ethiopia ina benki ya macho tangu 2003, na Nairobi kuna hospitali ya macho ya Lions, kule Loresho, inayofanya kazi hiyo. Konea ikitunzwa kwenye maji yake ya baridi inadumu kama wiki mbili hivi, si zaidi, kwa hiyo mgonjwa anaitwa ghafula na inabidi aweze kusafiri.

Kusafiri, kwa mkaaji wa Butembo, ndilo swali lenyewe. Njia ya Goma imekatwa na vita: Kanyabayonga ilichukuliwa na M23 mwezi wa sita 2024, Goma yenyewe mwezi wa kwanza 2025, na uwanja wake wa ndege ukafungwa. Inabaki Kasindi na mpaka wa Uganda, kwa barabara ambayo watu wanajua hatari zake. Kwenda mara moja kunawezekana. Familia zinachangia, zinauza ng'ombe au kipande cha shamba. Lakini kioo kipya hakiishi siku ya operesheni. Kuna matone ya kuzuia mwili usikikatae, mara nyingi kwa siku hapo mwanzo, kisha kupungua kwa miezi, na kwa wengi tone moja kwa siku kwa miaka. Matone hayo ni yale yale ya kotikoidi, safari hii kwa uangalizi, na presha inapimwa kila mara. Mwili ukianza kukikataa, ishara ni wekundu, kuogopa mwanga, maumivu au ukungu unaorudi. Ikitokea hivyo mgonjwa anahitaji munganga siku ile ile au kesho yake. Kungoja mpaka barabara iwe tulivu kunaweza kupoteza kioo.

Kwa hiyo kabla ya kuuza ng'ombe, familia ipate majibu kwa munganga wa huku. Nani atatoa nyuzi? Matone ya mwaka mmoja yanapatikana Butembo, na kwa bei gani kwa mwezi? Nani anaweza kumpima presha kila mwezi bila kuvuka mpaka? Majibu yakikosekana, kioo kinaweza kufa mwaka wa pili, na cha pili kinashika kwa shida zaidi kuliko cha kwanza. Tena munganga aangalie kama nyuma ya konea jicho bado liko zima. Mgonjwa anayefumba jicho moja na kutambua tochi inatoka juu, chini, kushoto au kuume ana matumaini. Asiyetambua mwanga kabisa hatapata kuona hata akiwekewa konea ya mtoto.

Kwa huyo wa mwisho, na kwa yule asiyeweza kusafiri, bado maumivu yanatibika karibu. Kuna lensi laini ya kufunika malengelenge kwa muda, ikiangaliwa isilete kidonda. Kuna pia operesheni ndogo ya kuvuta ngozi nyembamba ya sehemu nyeupe ya jicho na kufunika konea yote. Haihitaji konea ya mtu mwingine wala benki ya macho. Jicho halitaona, lakini mtu analala usingizi, na kwa aliyekuwa anaamka kila alfajiri akishika uso, hilo si jambo dogo.

Yule mama wa maharagwe ana jicho la kushoto pia, lenye katarakti inayoanza. Hapo ndipo kuna cha kuokoa zaidi. Kabla ya kulipasua, mpasuaji ajulishwe jinsi la kuume lilivyokwenda, aangalie konea ya kushoto asubuhi kwa taa, aipime unene kama mashine ipo. Ikiwa imepita 0.64, hatari ya kuvimba kisha operesheni ni kubwa na mgonjwa anapaswa kuambiwa hivyo mbele, si nyuma. Na katarakti hiyo isiachwe mpaka iwe nyeusi kama ya kwanza, kwa sababu ile laini inatoka kwa kazi fupi, na chembe nyingi zinabaki.